Safu ya Dalili za Hatari

Msinihurumie. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nawajua watu: ukiwasimulia habari ya mtu aliyeonewa, ukatia na chozi lako humo, wanaanza kukufariji wewe na kumsahau yule. Habari hii ni ya Bwana Tarehe. Mimi nimo kwa sababu bila mimi isingekuwepo.

Jina lake halisi lilijulikana na idara ya mishahara tu. Sisi wengine wote wa ofisi ya ujenzi ya halmashauri tulimwita Bwana Tarehe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa salamu yake. Unamwambia, "Shikamoo, Mzee," anakujibu, "Marahaba, leo tarehe ngapi?" Si kwamba hakujua. Alijua mpaka dakika. Alitaka uitamke mwenyewe, kwa mdomo wako, ili akushike vizuri: "Ahaa, tarehe kumi na sita. Na mchanga ulisema utafika tarehe ngapi vile?" Ebo! Asubuhi asubuhi mtu unaanza kutafuta pa kujificha.

Alianza kwa kubeba matofali akiwa na miaka kumi na tisa. Akawa fundi mwashi, akasoma masomo ya jioni miaka minne huku mikono imechubuka kwa saruji, akapata cheti, halmashauri ikamwajiri kuwa msimamizi wa kazi. Msimamizi wa kazi ndiye anayeshinda kwenye eneo la ujenzi kwa niaba ya mwenye jengo, akimwangalia mkandarasi asije akapunguza saruji au kuficha nondo zilizopinda. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo na hakuwahi kunywa hata chai ya mkandarasi. Alibeba chupa yake mwenyewe. Akikaribishwa soda anasema, "Asante, nimeshiba," na tumbo linanguruma watu wote wanasikia.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa kero. Alihesabu misumari. Aligombana na watu kwa ajili ya kiti. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa, wakwe walichelewa dakika arobaini, naye akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Mkewe akamnyang'anya kalamu mbele ya wageni, akasema, "Baba nanihii, huku si kazini!" Kisa hicho tulikicheka ofisini mwaka mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nakisimulia vizuri kuliko wote, mpaka na sauti ya mama nilikuwa naiiga.

Mimi nilikuwa karani wa ripoti. Bwana Tarehe aliniita binti, ingawa nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane mwenye watoto watatu na mume aliyekwenda kutafuta kazi mji mwingine akapotelea huko. Kila Ijumaa saa sita mchana alikuja mezani kwangu na barua yake ya wiki. Kurasa nne, mbele na nyuma, mwandiko umebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Kazi yangu ilikuwa kuisoma, kuichuja, na kuijaza kwenye fomu ya ripoti inayokwenda kwa mkurugenzi jioni ile ile. Fomu ilikuwa na safu saba. Kazi iliyofanyika, kazi iliyopangwa, asilimia, wafanyakazi, vifaa, hali ya hewa. Na ya saba: dalili za hatari.

Mradi wenyewe ulikuwa wodi ya wazazi, ghorofa mbili, vitanda sitini. Ulipangwa kuisha kwa miezi kumi na minne. Kina mama walikuwa wanajifungulia kwenye korido ya hospitali ya zamani, wawili wawili kitanda kimoja, kwa hiyo si jengo la kuchezea. Ulichukua miezi ishirini na saba na kula bajeti yake yote na zaidi ya nusu yake tena. Ghorofa ya juu mpaka leo haina milango.

Yote yaliyotokea, Bwana Tarehe aliyaandika. Nisikilizeni vizuri hapa. Si baadhi, yote. Wiki ya kwanza ya kuchimba msingi aliandika kwamba maji yametokea kwenye kina cha mita moja na nusu, wakati vipimo vya udongo vilisema mita nne. Kwamba msingi itabidi uchorwe upya, na kwamba kuchora upya msingi bila kupanga upya tarehe za mradi mzima ni kujidanganya. Wiki ya sita akaandika kwamba fungu la dharura, ile asilimia kumi inayowekwa pembeni kwa mambo yasiyotarajiwa, limeshaliwa theluthi mbili na hata sakafu ya chini haijamwagwa. Wiki ya tisa: daktari mkuu amekuja, akasema anataka chumba cha upasuaji kiongezwe, ukuta umehamishwa, na hakuna karatasi iliyosainiwa kusema itagharimu kiasi gani wala itachukua siku ngapi. Amri ya mdomo. Wiki ya kumi na mbili: wafanyakazi walikuwa arobaini na wawili, sasa ni kumi na tisa, na msimamizi wa mkandarasi amebadilishwa mara ya tatu. Wiki ya kumi na nne: mwenye duka la nondo hataki tena kukopesha, anataka pesa taslimu mkononi, maana yake mkandarasi halipi watu wake. Na kila wiki, kila wiki, kazi inachelewa siku tatu. Hakuna wiki hata moja iliyochelewa mwezi. Siku tatu tatu tu, ndogo ndogo, ambazo mtu unaziona unasema aa, tutazifidia.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la asilimia. Pale ofisini tulikuwa na mazoea yetu, na nadhani hata leo yapo. Tukitaka kujua mradi umefika wapi, tulichukua pesa zilizolipwa, tukagawanya kwa bajeti. Tumelipa nusu, basi kazi imefika nusu. Rahisi, safi, hata mtoto wa shule anafanya. Bwana Tarehe alikuwa anapandwa na mori. "Binti, ukinunua unga wa kilo kumi ukala wote siku ya kwanza, umefika siku ya kumi?" Wiki ya ishirini aliandika, akapigia mstari mara mbili: malipo asilimia hamsini na tano, jengo lililosimama kwa macho yangu asilimia thelathini. Yeyote aliyesoma mstari ule mmoja angejua kwamba pesa zitakwisha kabla jengo halijafika linta za juu, zile boriti za juu ya madirisha.

Hakuna aliyeusoma. Kwenye safu ya saba, wiki ile, palikuwa na neno moja: Hakuna.

Ndiyo. Mimi ndiye niliyeliandika. Wiki thelathini na moja nimeandika Hakuna, na nitawaambia jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikuwa nafungua ripoti ya wiki iliyopita, nabadilisha tarehe, nabadilisha idadi ya mifuko ya saruji, nabadilisha hali ya hewa. Safu ya saba ilikuwa imeshajazwa. Mhandisi, mkuu wa ofisi yetu, alipenda ripoti ya ukurasa mmoja. "Safi sana, karani," alikuwa anasema, "wengine wanatuandikia magazeti." Mwenyewe alikuwa anasaini bila hata kukaa. Mkurugenzi akipata ripoti inayosema asilimia hamsini na tano na dalili za hatari hakuna, analala usingizi mnono. Na zile kurasa nne za mkono niliziweka kwenye boksi chini ya meza, mpaka ofisi ilipohamia ghorofa ya pili. Siku ile nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia mfagizi, hilo tupa.

Pesa zilipoisha, mkandarasi aliondoka na mashine zake, na mkurugenzi akaulizwa na wakubwa zake. Mkurugenzi akamuuliza Mhandisi. Mhandisi akafungua faili, akatoa ripoti thelathini na moja zilizosema Hakuna, akasema kwa uso mkavu: "Msimamizi wetu wa kazi hakutupa taarifa yoyote."

Bwana Tarehe alisimamishwa siku hiyo hiyo. Akatakiwa akabidhi kitabu cha kumbukumbu za eneo la ujenzi, naye kwa ule ujinga wake wa kufuata taratibu akakikabidhi bila kutoa nakala, akasainiwa kwamba kimepokelewa. Kitabu hakikuonekana tena. Baada ya wiki tatu akafukuzwa kazi kwa uzembe. Zilibaki siku mia moja na kumi na nane astaafu. Mtu anayefukuzwa kwa uzembe hapati mafao. Miaka ishirini na sita, patupu. Alikuwa na nyumba isiyoezekwa, na binti wa pili yuko mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi, ada ilikuwa inasubiri mafao hayo. Akakata rufaa.

Mliokuwa mnauliza mbona sikusema, ngojeni. Bado hatujafika.

Mkurugenzi aliamua kwamba kabla rufaa haijasikilizwa, ofisi nzima ikae mafunzo ya siku mbili, tujifunze kutokana na makosa. Akaletwa mwezeshaji kutoka chuo, mama mmoja mpole, miwani shingoni, viatu visivyo na kelele. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye ukumbi wa mikutano, viti vya plastiki, feni moja inazunguka nyingine imekufa. Na kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, Bwana Tarehe, amevaa koti lake la harusi ya bintiye. Barua ilikuwa imemwita kama mhusika. Alifika wa kwanza.

Mwezeshaji akagawa karatasi. Kisa cha mradi, kurasa mbili, majina yameondolewa. "Mradi A," ndivyo ulivyoitwa, jengo la huduma ya jamii, ghorofa mbili, ulichelewa, ukazidi bajeti. Jamani, unasoma maisha yako yameandikwa kama hesabu ya mtihani! Watu walikuwa wanasoma wanakohoa. Mwisho kulikuwa na maswali matano. La kwanza, eleza sababu za kuchelewa. La pili, sababu za gharama kupanda. La tatu, mabadiliko yalisimamiwaje. La nne: Ni dalili zipi za mapema ambazo hazikuonekana, na ni nani aliyepaswa kuzitoa? La tano, mapendekezo. Kila mtu ajibu, asaini, na majibu yataambatanishwa kwenye faili la rufaa. Hilo la mwisho mwezeshaji alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetangaza choo kiko wapi.

Tukajibu kwa makundi kwanza. La kwanza mpaka la tatu tulitiririka. Tulipofika la nne, kundi letu likaanza kutaja: mahesabu ya asilimia, fungu la dharura, amri za mdomo, wafanyakazi kupungua. Nilishtuka. Kumbe kila mtu alikuwa anazijua! Dereva wa ofisi alizijua. Mhudumu alizijua. Mhandisi mwenyewe alikaa na kundi la pili akizitaja moja baada ya nyingine kwa vidole, kwa lugha ya kitabu, mtu mjuzi kabisa. Dalili zote walizijua, na wote wakamalizia sentensi kwa namna moja: hazikutolewa na msimamizi wa kazi.

Mwezeshaji, Mungu amlinde, hakuwa mjinga. Akasema, "Nataka kumsikia msimamizi mwenyewe. Baba, wewe ndiye uliyekuwa pale kila siku. Dalili zipi hukuziona?"

Bwana Tarehe akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, niliziona," akasema. "Niliandika kila wiki. Lakini iko moja sikuiona, na wacha niiseme kwa sababu ni kosa langu. Nimeandika wiki thelathini na moja, na wiki thelathini na moja hakuna aliyenipigia simu kuniuliza, wewe msimamizi, una wazimu? Mtu akiambiwa nyumba inaungua halafu asinyanyue hata kichwa, maana yake hajasikia. Mimi nilidhani kuandika ndiyo kusema. Hiyo ndiyo dalili iliyonipita."

Karani wa mikutano alikuwa anaandika. Baadaye niliona alivyoandika: "Mhusika amekiri kutofuatilia."

"Hizo barua ziko wapi?" mwezeshaji akauliza.

"Nilimpa huyu binti." Akanionyesha kwa mkono wazi, si kwa kidole. Na usoni hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa ameshapata shahidi wake. "Alizichapa zote. Huyu binti ni mchapakazi. Muulizeni."

Watu wote wakageuka. Mhandisi hakugeuka; alikuwa anachora maduara kwenye karatasi yake. Nikafikiria watoto wangu watatu. Nikafikiria kodi ya nyumba. Nikafikiria lile boksi. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu, na ni kweli niliyafikiria, lakini baadaye. Pale pale sikufikiria kitu. Mdomo wangu ulisema wenyewe:

"Mimi nilichapa nilicholetewa."

"Kwa hiyo barua za dalili za hatari?"

"Nilichapa nilicholetewa," nikarudia, na nikasaini hivyo hivyo kwenye swali la nne, kwa kalamu ya wino.

Nilimwangalia Bwana Tarehe nikitegemea anitukane. Akaniinamishia kichwa kwa heshima. Lo! Alidhani nimemtetea. Kwa akili yake iliyonyooka kama uzi wa fundi, binti amechapa alicholetewa, yeye aliniletea kurasa nne, basi kurasa nne zimechapwa, na zikipotea zimepotelea mbele kwa wakubwa. Alikaa chini ametulia, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake.

Rufaa ilikataliwa kwa aya moja. Sitaki kusema mengi juu ya wiki zile. Nilikonda. Nilikuwa mkali kwa watoto. Mwanangu mkubwa aliniuliza swali dogo tu la chumvi, nikamfokea mpaka jirani akachungulia. Mhandisi alinipandisha cheo, nikawa karani mwandamizi.

Halafu Bwana Tarehe akaja ofisini. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Shati limepigwa pasi lakini kola imekuwa kubwa shingoni. Akavuta kiti cha wageni, akaweka bahasha mezani kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti, nakwenda baraza la usuluhishi wa kazi. Huko ndiko mwisho. Binti yangu ameshaacha chuo, anauza dukani kwa mtu, lakini nikipata mafao anarudi muhula ujao. Wananitaka nijaze mashahidi." Akatoa fomu, akaigeuza upande wangu. "Ni mmoja tu. Wewe pale ukumbini ndiye peke yako ambaye hukunisema vibaya."

Nikaisoma. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko ule ule wa kubanana. Palikuwa na swali: Shahidi anajua nini kuhusu shauri hili? Naye amejibu: Anajua kila kitu. Yeye ndiye aliyechapa.

Sijui kama mmewahi kuaminiwa namna hiyo. Mimi nilishindwa. Nikamwambia pale pale, machozi yananitoka na kamasi, huku mlango uko wazi na watu wanapita: "Mzee, sikuchapa. Niliandika Hakuna. Kila wiki. Barua zako nilizitupa mimi."

Hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu anayejumlisha.

"Wiki zote?"

"Zote."

"Hata ile ya maji kwenye msingi?"

"Hata hiyo."

"Nilikwenda kwenye lile shimo saa kumi na moja alfajiri kupima maji," akasema. Akaichukua fomu, akaikunja, akaifungua tena. "Basi sina shahidi."

"Unaye! Nitakwenda, Mzee. Nitasema yote, na Mhandisi nitamtaja. Wacha wanifukuze!"

"Nani atakusikiliza? Umesaini."

Lakini nilikwenda. Nataka mjue kwamba nilikwenda, ingawa hilo halinisafishi. Nilijiuzulu ili nisije nikatishwa, nikavaa gauni langu jeusi, nikasimama mbele ya watu watatu wa baraza, nikaeleza safu zote saba, wiki kwa wiki. Nikasema Mhandisi ndiye aliyenitaka nifupishe mpaka ukurasa mmoja, ndiye aliyenifanya niiache safu ya saba ibaki vile. Mhandisi alikuwa na wakili. Wakili hakuniuliza maswali mengi. Aliinua karatasi yangu ya mafunzo, swali la nne, akasoma, "Nilichapa nilicholetewa." Akauliza hii sahihi ni ya nani. Yangu. Leo unasema kinyume. Una barua hata moja? Sina. Una nakala? Sina. "Basi, mama, baraza liamini sahihi yako ipi?"

Nilisimama pale nikiwa nimebeba ukweli mtupu, na haukuwa na thamani hata ya tiketi ya kurudi nyumbani. Kama ningeusema ukumbini, siku ile, kabla ya wino, mbele ya yule mama mwenye miwani, ungemwokoa. Baada ya saa moja wakarudi na uamuzi: ushahidi wa karani hauaminiki, dai limetupwa.

Nikamkuta nje kwenye benchi la korido, mkewe amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Nikakaa mbali kidogo. Nilitaka kuomba msamaha lakini nilikuwa nimeshauomba mara nyingi, neno lenyewe lilikuwa limechakaa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umesema Mhandisi ndiye aliyekutaka uiache ile safu."

"Ndiyo, Mzee."

"Barua ya kwanza nilikuletea tarehe mbili. Mhandisi alikuwa likizo. Amerudi tarehe kumi na tisa." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama alivyokuwa anauliza habari ya mchanga. "Mpaka siku hiyo kuna ripoti tatu. Nimezihesabu. Nani alikwambia uandike Hakuna?"

Nikawa naung'oa uzi kwenye pindo la gauni langu.

"Nilikuwa nimekukosea nini, binti? Niambie tu. Nimetafuta sana kichwani, labda nilikusema vibaya siku moja, sikumbuki."

"Hukunikosea," nikasema. "Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa Ijumaa, barua yako ilikuwa ndefu, nami nilitaka kuwahi nyumbani."